Mwalimu Ambaye Pia ni Mzazi: Pale Ruhusa za Mfumo wa Shule Zinapovuja

Juma lililopita kijana mmoja wa Kakamega aliniandikia. Anatengeneza mfumo wa kusimamia shule iliyo na madarasa ya msingi na ya sekondari msingi. Kwenye jedwali la watumiaji ameweka safu moja inayoitwa `jukumu`, na thamani zake ni tatu: mwalimu, mzazi, msimamizi. Aliniuliza, "Kaka, hii inatosha ama nitarudi kuivunja baadaye?"

Utarudi kuivunja, ndugu yangu. Na kwa kuwa najua wengi mnaosoma hapa mnajenga mifumo ya aina hii, mkitafuta kandarasi za shule kutoka Busia hadi Molo, nitaeleza kwa urefu. Jambo hili lilininyima kazi, kisha likanirudishia kazi ileile, na bado lina uchungu kidogo.

Shule yenyewe iko Nakuru, ni ya bweni, na sitaitaja jina. Nilisafiri kutoka Kisumu nikasimama mbele ya bodi na mchoro wangu. Nilikuwa nimeonyesha kwamba ruhusa ya mtu lazima ifungwe kwa darasa lake, somo lake au mtoto wake, na kwamba ofisi si mtu mmoja. Mjumbe mmoja akanikata: "Fundi, sisi tuna watu wa aina tatu tu, walimu, wazazi na ofisi. Wewe unatuletea serikali nzima." Wakacheka. Kazi akapewa mwingine aliyeahidi kumaliza upesi na kwa bei ya chini. Nilirudi Kisumu na mchoro wangu kwenye mkoba, nikauhifadhi.

Baadaye naibu wa mwalimu mkuu alinipigia simu usiku. Mwishoni mwa muhula mfumo wao mpya ulikuwa umewatumia wazazi ujumbe mfupi, kila mmoja na kiungo cha ripoti ya mtoto wake. Kiungo kilikuwa na umbo hili:

```
/media/ripoti/muhula2/4107.pdf
```

Hiyo 4107 ni nambari ya usajili ya mwanafunzi, ileile inayoandikwa kwenye vitabu na masanduku. Mama mmoja aliyekuwa na watoto wawili pale aligundua kwamba viungo vyake viwili vinatofautiana kwa nambari tu. Akaweka nambari ya mtoto wa jirani, ripoti ikafunguka. Akalisema hilo kwenye kundi la wazazi la WhatsApp. Kufikia jioni kila mtu alikuwa amesoma alama za kila mtoto, maoni ya mwalimu wa darasa, deni la karo lililochapishwa chini ya ukurasa, na kwa baadhi yao hata maelezo ya afya. Kuna wazazi walioacha kuzungumza baada ya madeni yao kuonekana.

Kilichotokea ni hiki. Ukurasa wa ripoti ndani ya mfumo ulidai nenosiri, na ulikagua jukumu la mtu vizuri kabisa. Lakini faili za PDF zilihifadhiwa kwenye folda ambayo seva ya wavuti huigawa yenyewe kwa yeyote anayeijua anwani, bila kuuliza programu lolote. Ukaguzi wa jukumu ulikuwepo, ila haukuitwa. Kwa hiyo kitu cha kwanza cha kutazama kwenye mfumo wako, kabla hata ya majukumu, ni folda ya faili zilizotengenezwa: ripoti, risiti za karo, picha za wanafunzi, majedwali ya Excel ambayo mwalimu amepakua. Toka kwenye mfumo, fungua dirisha la faragha la kivinjari, bandika anwani ya faili. Ikifunguka, acha kila kitu kingine urekebishe hiyo kwanza. Faili ziwekwe mahali ambapo seva ya wavuti haizigawi, na kila upakuaji upitie kwenye programu ili ukaguzi ufanyike.

Fundi wao alifanya hivyo. Kisha, kabla ya kumpa mzazi faili, akaongeza ukaguzi wa kama aliyeingia ana jukumu la `mzazi`. Akafikiri amemaliza. Mama yuleyule akaingia kwa nenosiri lake mwenyewe, akabadilisha nambari, ripoti ya mtoto wa jirani ikafunguka tena. Alikuwa mzazi kweli. Hakuwa mzazi wa huyo.

Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa. Jukumu hujibu swali la ni tendo gani mtu anaweza kufanya: kusoma ripoti, kuingiza alama, kupokea karo. Halijibu ni ripoti ya nani, alama za darasa gani, karo ya mtoto yupi. Kwenye orodha ya mwaka 2021 ya OWASP, shirika la usalama wa programu, inayopanga hatari kuu za programu za wavuti, kuvunjika kwa udhibiti wa ufikiaji kulipanda kutoka nafasi ya 5 hadi ya 1, na kubadilisha nambari kwenye anwani ni mojawapo ya njia zilizotajwa humo. Mama wa Nakuru hakuhitaji ujuzi wowote. Alihitaji kuona viungo viwili vinavyotofautiana kwa nambari tu.

Mkidhani haya ni mambo ya aibu tu, kumbukeni kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakataza kuchakata data ya mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, na inataka ichakatwe kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mwenyewe, shule ina saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data tangu ilipojua. Mwaka 2023 ofisi hiyo iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Hizo zilikuwa picha. Hesabuni wenyewe ripoti zenye deni la karo na ugonjwa wa mtoto.

Basi niliitwa, na mara hii hakuna aliyecheka. Niliutoa mchoro uleule.

Moyo wake ni jedwali moja ambalo naliita `uteuzi`. Badala ya kumwandikia mtu jukumu kwenye akaunti yake, unamteua kwenye jukumu fulani, juu ya kitu fulani, kuanzia tarehe fulani:

```sql
CREATE TABLE uteuzi (
  mtu_id    int  NOT NULL,
  jukumu    text NOT NULL,
  wigo_aina text NOT NULL,
  wigo_id   int  NOT NULL,
  kuanzia   date NOT NULL,
  mpaka     date
);
```

Mwalimu wa Hisabati wa Gredi ya 8 Mashariki ana mstari mmoja wenye jukumu la `mwalimu_somo`, na wigo wake ni somo hilo ndani ya darasa hilo. Kama pia ni mwalimu wa darasa la 8 Magharibi, ana mstari wa pili wenye jukumu la `mwalimu_darasa` na wigo wa darasa zima. Mzazi ana mstari mmoja kwa kila mtoto. Mhasibu ana mstari ambao wigo wake ni shule nzima. Mtu mmoja, akaunti moja, nenosiri moja, mistari mingi. Hakuna anayehitaji akaunti ya pili, na hilo ni muhimu kwa sababu mtu mwenye akaunti mbili huishia kutumia ile yenye nguvu zaidi kila siku.

Sasa nije kwenye kisa kilichonifanya niandike kichwa cha makala hii, kwa sababu hata wale wanaojua habari ya wigo huangukia hapa. Shule nyingi za kwetu zina walimu wenye watoto palepale. Chukua mwalimu wa Hisabati wa 8 Mashariki ambaye binti yake anasoma 7 Magharibi. Kama mwalimu, anaruhusiwa kuona alama ambazo bado hazijatolewa rasmi, kwa somo lake na darasa lake. Kama mzazi, anaruhusiwa kuona alama za binti yake za masomo yote, lakini baada ya mwalimu mkuu kuzitoa. Kila kimoja ni halali.

Wanaprogramu wengi hukusanya ruhusa zote za mtu kwenye kapu moja, kisha wanafunzi wote anaowafikia kwenye kapu jingine, na kuuliza hivi:

```python
if tendo in ruhusa_zote(mtu) and mtoto in watoto_wote(mtu):
```

Soma mstari huo polepole ukimfikiria mwalimu huyu. Kwenye kapu la kwanza kuna ruhusa ya kuona alama ambazo hazijatolewa, aliyoipata kwa ualimu. Kwenye kapu la pili kuna binti yake, aliyempata kwa uzazi. Maswali yote mawili yanajibiwa ndiyo. Mfumo unamfungulia alama za binti yake za Kiingereza, Kiswahili na Sayansi kabla walimu wenzake hawajamaliza kusahihisha. Mbaya zaidi, ruhusa ya kuhariri alama nayo imo kapuni, kwa hiyo anaweza kuzibadilisha. Hakuna aliyempa ruhusa hiyo. Imezaliwa kwa kuunganisha nusu ya uteuzi mmoja na nusu ya mwingine.

Dawa yake ni kutovunja uteuzi vipande. Tendo na wigo lazima vikubaliwe na mstari mmoja uleule:

```python
def anaruhusiwa(mtu, tendo, kitu):
    return any(
        tendo in RUHUSA[u.jukumu] and u.wigo_una(kitu)
        for u in uteuzi_hai(mtu)
    )
```

Mfumo unapitia mistari ya mwalimu yule mmoja mmoja. Mstari wa Hisabati 8 Mashariki una ruhusa ya kuona alama za kabla ya kutolewa, lakini wigo wake hauna binti yake: hapana. Mstari wa uzazi una binti yake, lakini hauna ruhusa hiyo: hapana. Mistari imekwisha, mlango umefungwa. Alama zikishatolewa, mstari wa uzazi unatosha peke yake na mlango unafunguka. Kila ukurasa, kila faili na kila upakuaji wa Excel uite kazi hii moja ya `anaruhusiwa`. Usiuandikie kila ukurasa ukaguzi wake, maana kuna siku utausahau mmoja.

Kumbuka pia kuficha kitufe si kuzuia. Kitufe cha kuhariri kisipoonekana kwenye simu ya mzazi, ombi lenyewe bado linaweza kutumwa. Ukaguzi hufanyika kwenye seva. Na mzazi akiomba mtoto asiye wake, mjibu 404, yaani haipatikani, kama mtoto huyo hayupo kabisa, badala ya 403, yaani huruhusiwi, kwa sababu 403 humthibitishia kwamba nambari aliyoikisia ni ya mwanafunzi wa kweli.

Upande wa wazazi, wenzangu wa magharibi mtanielewa haraka. Neno mzazi kwenye fomu ya usajili huficha familia nzima. Mtoto anaishi na nyanya yake Siaya, mjomba aliye Nairobi ndiye hulipa karo, mama yuko Eldoret na hutaka kuona alama, na shangazi humchukua siku ya kufunga shule. Mfumo wenye mzazi mmoja hulazimisha familia kugawana nenosiri, na wakishagawana, kumbukumbu zako hazijui tena nani alifanya nini. Mimi niliugawa uzazi majukumu matatu: `mlezi`, anayeona alama, afya na ujumbe wa shule, `mlipaji`, anayeona salio la karo na risiti tu, na `mchukuaji`, ambaye hata haingii kwenye mfumo, ila jina lake huonekana kwa mlinzi na mwalimu wa zamu. Mjomba hupata kiungo cha kulipa na risiti. Hahitaji kujua mtoto amepata ngapi kwenye Kemia ili alipe. Akitaka kujua, mlezi anaweza kuomba ofisi imwongeze, na jina la aliyemwongeza huandikwa.

Wazazi waliotengana ni jambo zito zaidi. Hapo mfumo hauamui lolote. Karani haondoi mstari wa baba kwa sababu mama amepiga simu akiwa na hasira. Anayeufunga ni mwalimu mkuu peke yake, kwa kujaza tarehe ya `mpaka`, na lazima aambatishe hati iliyomfanya aufunge, kama vile amri ya mahakama. Mpaka hapo, mlezi wa kisheria anabaki na haki yake.

Upande wa ofisi ndiko waliponicheka, na ndiko nilikoshikilia zaidi. Thamani ya `msimamizi` inayofungua kila kitu ni hatari kuliko kiungo cha PDF, maana nenosiri lake huwa limebandikwa kwenye meza ya karani. Niliigawa hivi. Karani husajili wanafunzi na kuunganisha walezi, haoni alama. Mhasibu huona na kuandika karo, haoni afya. Mwalimu mkuu husoma karibu kila kitu lakini haingizi alama. Fundi wa kompyuta hufungua akaunti na kubadilisha nenosiri, lakini hana ruhusa yoyote juu ya data ya mtoto.

Kisha kuna mambo ambayo mtu mmoja hapaswi kuyafanya pande zote mbili. Alama zikishafungwa, mwalimu wa somo anaweza kuomba marekebisho, na naibu ndiye huidhinisha. Mfumo hukataa kama aliyeomba na anayeidhinisha ni mtu mmoja, hata kama ana majukumu yote mawili, kwa sababu naibu pia hufundisha. Alama ya zamani haifutwi. Inabaki ikionekana pamoja na mpya, jina na saa. Mhasibu naye anaweza kuandika malipo lakini kuyabatilisha kunahitaji mwalimu mkuu. Naibu aliniambia baadaye, "Sasa hata mimi siwezi kusingiziwa." Maneno hayo yalinifutia uchungu mwingi wa siku ile ya bodi, sitaficha.

Lipo suala la muda, ambalo ndiyo sababu ya safu za `kuanzia` na `mpaka`. Tume ya kuajiri walimu, TSC, huhamisha walimu hata katikati ya mwaka. Mwalimu akihamia Bungoma, usifute akaunti yake, maana alama alizoingiza zitabaki bila mwenyewe. Funga uteuzi wake kwa tarehe. Mwalimu mkuu akienda likizo, naibu apewe uteuzi wa kukaimu wenye tarehe ya mwisho tangu siku ya kuupewa, ili usitegemee mtu kukumbuka kuuondoa. Na tahadhari: kama programu yako huandika majukumu ndani ya tokeni ya kuingia, na tokeni hiyo huishi siku nyingi, mwalimu aliyehama ataendelea kuingia mpaka iishe. Tokeni ibebe kitambulisho cha mtu tu. Uteuzi usomwe kwenye hifadhidata kila ombi linapofika. Kwa shule yenye wanafunzi elfu moja au mbili, ukiwa na faharasa kwenye `mtu_id`, huwezi hata kuhisi gharama yake.

Kupima, tengeneza watu wa majaribio wanaofanana na shule yako: wazazi wawili wa darasa moja, mwalimu wa somo, mwalimu wa darasa, mwalimu mwenye mtoto pale, mhasibu, mlipaji, na mtu aliyefungiwa uteuzi jana. Andika jedwali la kila anwani dhidi ya kila mtu, na kwenye kila kisanduku ndiyo au hapana. Mwalimu mkuu alijaze na kulitia sahihi, kwa sababu hizo ni sera zake, si zako. Kisha jaribio la kompyuta lipitie visanduku vyote kila unapobadilisha programu. Zingatia zaidi visanduku vya hapana. Mtu akinyimwa kitu chake atakupigia simu asubuhi. Akipewa kisicho chake atanyamaza.

Yapo ambayo mfumo huu hauyazuii, na mwambie mteja wako waziwazi. Nyanya akikaa na simu moja inayotumiwa na nyumba nzima, ujumbe utasomwa na nyumba nzima. Mwalimu akichapisha orodha ya alama na kuibandika ubaoni, hakuna mstari wa uteuzi utakaoibandua. Na nambari ya simu isiyotumika kwa muda mrefu huweza kupewa mtu mwingine, kwa hiyo kila mwanzo wa mwaka karani athibitishe nambari za walezi, na ambaye hajathibitishwa asitumiwe ripoti.

Kwako kijana wa Kakamega: mfumo wako tayari unatumika, kwa hiyo usiivunje ile safu ya `jukumu` leo. Tengeneza jedwali la `uteuzi` kando yake. Lijaze walimu kutoka kwenye ratiba ya masomo na walezi kutoka kwenye fomu za usajili, na ukae na karani mpitie kila mtoto mwenye mlezi zaidi ya mmoja. Hiyo ndiyo sehemu ndefu, usiipe makadirio ya haraka kwenye bei yako. Kisha acha ukaguzi wa zamani uendelee kuamua huku ule mpya ukiandika pembeni kile ambacho ungeamua wenyewe. Soma tofauti zao kila jioni. Palipo ruhusa ya zamani na katazo jipya, ama umekosa mstari wa uteuzi, ama umeona uvujaji. Tofauti zisizoelezeka zikiisha, uache ule mpya uamue, na hapo ndipo uifute ile safu.